Wajibu, Ushauri na Dhana: Vitenzi «must», «have to», «should» na «might» katika Tafsiri za Kiswahili za Viwanda vya Chai

1. Utangulizi

Makala haya yanakusudia kuchunguza namna vitenzi visaidizi vinne vya Kiingereza, yaani «must», «have to», «should» na «might», vinavyopaswa kufasiriwa kwa Kiswahili. Vitenzi hivi hufunzwa shuleni kwa orodha fupi: «must» ni lazima, «have to» ni lazima pia, «should» ni -pasa, na «might» ni labda au -weza. Orodha hiyo haina kosa kubwa mradi mwanafunzi anafasiri sentensi moja moja ubaoni. Madhara yake huonekana pale tafsiri inapotoka darasani na kubandikwa ukutani, mahali ambapo mtu ataisoma kisha atie mkono wake ndani ya mashine au aondoke.

Uwanja tuliouchagua ni viwanda vya chai vya Kericho na Bomet. Sababu ya uchaguzi huu ni ya kiisimu. Wakulima wadogo wa huko wengi wao ni Wakipsigis, na Kikipsigis ndiyo lugha ya nyumbani. Mashamba makubwa, ambayo yalianza kupandwa chai katika miaka ya 1920, yamewaleta kwa muda mrefu wafanyakazi kutoka Kisii, Nyanza na nchi ya Waluhya. Maelezo ya mitambo, ripoti na kanuni nyingi huandikwa kwanza kwa Kiingereza. Kati ya karatasi hiyo ya Kiingereza na mfanyakazi ambaye lugha yake ya mama ni nyingine kabisa, daraja lililopo ni Kiswahili. Ikiwa daraja limepinda, hakuna njia ya pili ya kuvuka.

Mifano ya sentensi itakayotumika humu tumeitunga wenyewe kwa ajili ya uchambuzi. Haikunukuliwa kutoka katika kiwanda chochote.

2. Kitenzi kimoja, maana mbili

Wanafalsafa wa mantiki wamekwisha kutenganisha aina mbili za ulazima. G. H. von Wright, katika kitabu chake cha mwaka 1951 juu ya mantiki ya uwezekano na ulazima, alitofautisha ulazima unaohusu matendo ya watu, yaani yale yanayoamriwa au kuruhusiwa, na ulazima unaohusu ujuzi wetu, yaani yale tunayoyahukumu kuwa kweli kwa ushahidi tulio nao. Humu tutauita wa kwanza wajibu na wa pili dhana. Kiingereza kina tabia ya kutumia vitenzi vilevile kwa yote mawili, na hapo ndipo ugumu wa mfasiri unapoanzia.

Tuchukue sentensi «The machine must be off». Kwa maana ya wajibu, msemaji anatoa sharti: mashine izimwe, na isipozimwa kazi isiendelee. Kwa maana ya dhana, msemaji hatoi amri yoyote. Ameona kwamba hakuna mngurumo, ukanda hausogei na taa ni nyekundu, naye anakata shauri kwamba mashine imezimwa. Maneno hayakubadilika hata moja. Lakini katika maana ya kwanza mashine huenda ingali inazunguka, na katika maana ya pili msikilizaji anahakikishiwa kwamba imesimama. Baina ya hizo mbili ndipo penye vidole vya mtu.

Kiswahili kinazo njia za kutenganisha maana hizi, na njia iliyo kuu haimo katika neno lazima bali katika kitenzi kinachofuata. Tulinganishe:

(a) Lazima mashine izimwe.
(b) Lazima mashine imezimwa.

Katika (a) kitenzi kimo katika hali tegemezi, ile inayoishia kwa -e, na maana ni wajibu. Katika (b) kitenzi kimo katika hali ya kuarifu, nacho kinataja jambo linalodhaniwa kuwa limekwisha kutendeka, na maana ni dhana. Kadhalika tunasema «lazima afike saa mbili» kwa wajibu, na «lazima amefika» kwa dhana. Mzungumzaji mzoefu hufanya tofauti hii bila kufikiri. Mfasiri ndiye anayeipoteza, kwa kuwa macho yake yameganda kwenye neno lazima, akadhani akiliandika hilo amekwisha kuifasiri «must» yote.

Kuna hata hivyo mahali ambapo Kiswahili nacho kinateleza. Hali tegemezi ya kitenzi kuwa, ikifuatwa na kitenzi kingine, hubeba maana zote mbili. «Lazima awe amelala» inaweza kuwa amri ya mzazi kwamba saa tatu ikifika mtoto awe amekwisha kulala, na inaweza kuwa dhana ya mgeni aliyebisha hodi bila kujibiwa. Vivyo hivyo «lazima mashine iwe imezimwa» inarudisha utata uleule wa Kiingereza tuliokuwa tunaukimbia. Kwa hiyo umbo hili, ijapokuwa ni fasihi na linasikika vizuri, halifai katika maandishi ya tahadhari. Kwa wajibu na liandikwe tendo lenyewe na wakati wake: «Zima mashine kabla ya kufungua kifuniko.» Kwa dhana yafaa kutumia «itakuwa imezimwa», «haikosi imezimwa» au «bila shaka imezimwa», maumbo ambayo hayawezi kusomwa kama amri.

Mfasiri atajuaje ni maana ipi iliyokusudiwa katika Kiingereza? Kipimo kimoja chepesi ni kutafuta jibu ambalo msikilizaji angelitoa. Ikiwa jibu la kawaida kwa sentensi ni «Umejuaje?», basi hiyo ni dhana. Ikiwa jibu ni «Nani kasema?» au «Nisipofanya itakuwaje?», basi huo ni wajibu. Kipimo cha pili ni cha umbo. Pale «must» inapofuatwa na «have» pamoja na kitenzi cha wakati uliopita, kama katika «must have stopped», maana kwa kawaida ni dhana. Sababu yake ni ya kihistoria: «must» yenyewe imetokana na umbo la kale la wakati uliopita, na leo haina umbo jingine la kuutaja wajibu wa jana. Kiingereza kikitaka kusema kwamba jana mtu alikuwa na wajibu, hukimbilia «had to».

3. «Must» na «have to»: zinapokubaliwa na zinapokanushwa

Katika sentensi za kukubali, tofauti ya «must» na «have to» si kubwa, lakini ipo. Aghalabu «must» huufanya wajibu utoke kwa msemaji mwenyewe, na «have to» huufanya utoke kwingine: katika kanuni, katika hali ya mambo, au kwa mkubwa ambaye hayupo. Msimamizi akimwambia mchumaji kwa «must» kwamba achume majani mawili na kichipukizi, anatumia mamlaka yake. Mchumaji akimweleza mgeni jambo hilohilo kwa «have to», anaripoti kanuni ambayo hakuitunga. Kiswahili kinaichora tofauti hii kwa namna nzuri. «Lazima uchume» ni kauli ya mwenye amri. «Inatubidi tuchume» na «inatulazimu kuchuma» humweka mtu katika nafasi ya mtendwa: ule wajibu ndio unaotenda, naye anatendewa.

Isitoshe, mfasiri atakutana na vitenzi vyote viwili katika rundo moja la karatasi. Utafiti wa Geoffrey Leech uliochapishwa mwaka 2003, uliolinganisha maandishi ya Kiingereza ya mwaka 1961 na yale ya miaka thelathini hivi baadaye, ulionyesha kwamba matumizi ya «must» yalikuwa yamepungua sana. Hivyo haishangazi kwamba mwongozo wa zamani unaamuru kwa «must» na mwongozo mpya wa mtambo wa namna ileile unaamuru kwa «have to». Katika kukubali, mfasiri anaweza kuzifasiri zote mbili kwa lazima bila kumdhuru mtu.

Zinapokanushwa, mambo hugeuka kabisa. «You must not open it» ni katazo: usifungue. «You do not have to open it» ni kuondoa wajibu: si lazima ufungue, lakini ukitaka fungua. Katika sentensi ya kwanza kanusho linaangukia tendo, na ulazima unabaki: ni lazima kutokufungua. Katika ya pili kanusho linaangukia ulazima wenyewe, na tendo linabaki huru.

Aliyekariri kwamba «must» ni lazima na «not» ni si ataziunganisha na kupata si lazima. Kila neno lake lina mwenzake katika Kiingereza, na jumla yake ni kinyume cha Kiingereza. Tuseme karatasi ya Kiingereza inakataza kufungua kifuniko cha roli za kusagia majani wakati zinapozunguka. Mfasiri wetu anaandika: «Si lazima kufungua kifuniko wakati roli zinapozunguka.» Mfanyakazi anayesoma maneno hayo hakatazwi kitu. Anaambiwa kwamba kufungua hakuhitajiki, na huenda akaelewa kwamba akiona majani yamekwama anayo hiari ya kufungua. Tangazo lililokusudiwa kumzuia limempa ruhusa.

Kosa hili hutokea pia katika mwelekeo wa pili. Mwanafunzi anayetaka kusema kwa Kiingereza «si lazima uje kesho» huandika «You must not come tomorrow», na rafiki yake anaudhika kwa kuona amefukuzwa. Kwa kuwa kosa la namna hii husahihishwa kwa kalamu nyekundu na kusahauliwa, walimu huliona dogo. Ni kosa lilelile la kifuniko cha roli, isipokuwa hapa limetokea pasipo mashine.

Umbo la Kiswahili linalokataza kwa hakika ni hali tegemezi ya kukanusha: «usifungue», «kifuniko kisifunguliwe». Mtu akitaka kulitia nguvu anaweza kuongeza «ni marufuku» au «kamwe». Umbo «lazima usifungue» ni sahihi kisarufi, lakini ni zito, na msomaji wa harakaharaka huona lazima na kufungua akaruka -si- iliyo katikati. Katika tangazo, silabi moja isibebeshwe mzigo wote.

4. «Should» na «might»

«Should» ilikuwa umbo la wakati uliopita la «shall», na «might» la «may». Leo hakuna hata moja kati yake inayotaja wakati uliopita ikiwa peke yake. Kilichobaki kutokana na asili hiyo ni ule umbali: «should» ni wajibu uliolegezwa ukawa ushauri, na «might» ni uwezekano uliosogezwa mbali kidogo na hakika.

Kwa ushauri, Kiswahili kina -faa, -pasa na afadhali, na havilingani uzito. «Inafaa majani yapelekwe kituoni kabla hayajapata joto» ni ushauri wa mtu ajuaye kazi. «Inapasa majani yapelekwe» ni karibu na amri yenye heshima. «Afadhali yapelekwe» inalinganisha njia mbili na kuichagua moja. Mfasiri anayefasiri kila «should» kwa lazima anaondoa ngazi hizi zote, na hasara yake haionekani siku ya kwanza. Karatasi yenye lazima kumi na tano, ambapo kumi zilikuwa ushauri tu, humfundisha msomaji kwamba lazima inaweza kupuuzwa bila madhara. Atakapofikia ile moja ya roli ataipima kwa uzoefu huo.

«Should» ina maana ya dhana pia, yaani ya kutarajia. «The lorry should be here by four» haimshauri dereva. Inasema kwamba kwa hesabu ya njia na mwendo, gari linatarajiwa kufika kabla ya saa kumi. «Gari linapaswa kufika saa kumi» litaeleweka kuwa agizo, na karani wa kituo akiliandika hivyo, dereva aliyecheleweshwa na matope atahesabiwa kuwa amevunja amri. «Gari linatarajiwa kufika» linasema kilichosemwa, wala halizidishi.

Kuhusu «might», neno la Kiswahili lililo karibu nalo kuliko yote ni huenda, na baada yake yumkini na labda. Katika nyanda za Kericho, ambako mvua ya mawe ni adui anayejulikana wa majani ya chai, mtu huangalia mawingu na kusema: «Huenda mvua ya mawe ikanyesha alasiri.» Tazama kiambishi -ka- kinavyotumika kwa jambo ambalo bado. Kwa jambo lililopita husemwa «huenda ilinyesha» au «huenda imenyesha». Hatari iko kwa mfasiri anayeitafuta «might» katika -weza na -nge-. «Angeweza kudhani» hairipoti uwezekano kwamba mtu alidhani. Inaelekeza kwamba nafasi ya kudhani ilikuwapo, naye hakuitumia. Dhana ya Kiingereza iliyoachwa wazi imefungwa, na imefungwa upande usiokusudiwa.

5. Mfano mmoja kwa ukamilifu

Natutazame sasa jinsi mambo haya yanavyokutana katika maandishi mafupi. Tuseme ajali imetokea mahali ambapo majani yaliyonyaushwa huingizwa kwenye roli kwa ukanda. Ripoti ya Kiingereza ina sentensi tatu:

«The attendant should have stopped the conveyor. He might have thought that the power was off. The switch must have been on.»

Mfasiri aliyefuata orodha ya shuleni anaandika:

(c) Ilimbidi mhudumu ausimamishe ukanda. Angeweza kudhani kwamba umeme umekatika. Ilikuwa lazima swichi iwashwe.

Kila sentensi ni Kiswahili safi, na hilo ndilo linalofanya kosa liwe gumu kuonekana. Tuisome (c) kama atakavyoisoma mtu ambaye hajauona ule waraka wa Kiingereza. Kwanza, «ilimbidi ausimamishe» kwa kawaida hueleweka kwamba aliusimamisha, kama vile «ilinibidi nirudi» maana yake ni kwamba nilirudi. Pili, «angeweza kudhani» humfanya msomaji aone kwamba hakudhani, kwa hiyo alijua umeme upo. Tatu, «ilikuwa lazima swichi iwashwe» ni wajibu: palikuwa na amri au haja ya kuiwasha. Hadithi tuliyo nayo sasa ni ya mtu aliyesimamisha ukanda, akijua fika kwamba umeme upo, kisha swichi ikawashwa kwa kuwa ilitakiwa kuwashwa.

Ripoti ya Kiingereza haikusema hata moja kati ya hayo. Ilisema kwamba mhudumu hakuusimamisha ukanda, na kwamba kutokuusimamisha kulikuwa kosa. Ilisema kwamba upo uwezekano kuwa alidhani umeme haupo. Na ilisema kwamba mwandishi, kwa kuwa ukanda ulikwenda, anahukumu kuwa swichi ilikuwa imewashwa, ingawa hakuna aliyeiona. Tafsiri iliyo karibu zaidi ni hii:

(d) Mhudumu alipaswa kuusimamisha ukanda, lakini hakuusimamisha. Huenda alidhani kwamba umeme umekatika. Bila shaka swichi ilikuwa imewashwa.

Maneno «lakini hakuusimamisha» hayamo katika Kiingereza, na mfasiri ataulizwa kwa nini ameyaongeza. Jibu ni kwamba yamo ndani ya «should have». Umbo hilo hueleweka kumaanisha kwamba lililopasa halikutendeka. Kiswahili «alipaswa» peke yake kinaliacha jambo wazi, kwa kuwa mtu aliyepaswa huenda alitimiza. Kinachofichwa katika umbo la Kiingereza hakina budi kutajwa kwa neno katika Kiswahili.

Umuhimu wa tofauti ya (c) na (d) si wa mtihani. Kenya ina sheria mbili za mwaka 2007 zinazohusika hapa, moja ya usalama na afya kazini na nyingine ya mafao ya wanaojeruhiwa kazini. Madai chini ya sheria hizo hujengwa juu ya maelezo ya tukio, na mfanyakazi huulizwa kama maelezo aliyosomewa kwa Kiswahili ni ya kweli. Anayesomewa (c) anaulizwa kuhusu hadithi ambayo haikuandikwa na mtu yeyote. Akikataa, ataonekana anapingana na ripoti. Akikubali, amekubali kwamba alijua umeme upo.

6. Hitimisho

Tumeona kwamba neno moja la Kiingereza halina neno lake moja la Kiswahili, na kwamba mzigo ambao Kiingereza huuweka katika kitenzi kisaidizi, Kiswahili huugawa baina ya neno la kutangulia na hali ya kitenzi kinachofuata. Kwa hiyo mfasiri, kabla ya kuandika lazima, ajiulize maswali matatu kwa mpangilio. Je, sentensi inaamuru au inakisia? Ikiwa imekanushwa, je, kanusho limeangukia tendo au limeangukia ulazima? Na ikiwa inahusu wakati uliopita, je, tendo lilitendeka, halikutendeka, au halijulikani? Akiyajibu hayo, uteuzi kati ya -e, huenda, bila shaka, alipaswa na ilimbidi unajitokeza wenyewe.

Maswali haya hayatoshi pale ambapo mwandishi wa Kiingereza mwenyewe hakuwa na hakika ya alichokusudia. Sentensi kama «The machine must be off», ikiwa haina muktadha, haiwezi kufasiriwa kwa haki na mtu yeyote. Hapo mfasiri asibahatishe. Arudi kwa aliyeiandika amwulize: unaamuru, au unadhani? Mara nyingi mwandishi naye atalazimika kwenda kuitazama mashine kabla ya kujibu.